Saa ya kwanza kwa laki mbili na nusu: ya betri au otomatiki?

*Shikamoo fundi. Nimeajiriwa mwaka huu kufundisha sekondari Iringa na nataka kununua saa yangu ya kwanza ya maana. Nimetenga 250,000. Rafiki yangu anasema saa ya betri si saa, ni kidude tu, ninunue otomatiki itanizika. Dukani nako wananiambia nichukue ya betri nisijisumbue. Nichukue ipi?*

Marahaba, mwalimu. Kwa laki mbili na nusu, na kama hiyo ndiyo itakuwa saa yako pekee, chukua ya betri. Tafuta yenye mwili wa chuma cha pua na mashine ya Kijapani ndani, tumia kama 130,000 hivi, zinazobaki ziweke. Nitakueleza sababu, kisha nitakueleza ni mtu gani ningemwambia kinyume chake, maana rafiki yako hajakosea kila kitu.

Hilo la "si saa" tulimalize kwanza. Saa ya mkononi ya kwatzi, yaani aina hii ya betri unayouziwa dukani, ya kwanza kuuzwa duniani ni Seiko Astron, iliyotoka Tokyo tarehe 25 Desemba 1969 kwa yen 450,000. Kwa fedha hiyo, wakati huo, Mjapani alikuwa ananunua gari dogo. Walioivaa walikuwa matajiri, na waliokuwa na otomatiki ndio waliokuwa wakiionea wivu. Baadaye viwanda vikajifunza kuitengeneza kwa bei rahisi mno, heshima ikashuka pamoja na bei. Mashine yenyewe haikuharibika kwa kushuka bei.

Ndani ya saa ya betri kuna kipande cha kwatzi kilichochongwa mfano wa uma wenye meno mawili. Umeme wa betri unakitetemesha mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa: ukiigawa kwa mbili mara kumi na tano, unabaki na moja. Ndiyo kazi ya ile saketi ndogo, kugawa nusu kwa nusu mpaka ipate pigo moja kwa sekunde, kisha inalipeleka kwenye kijimota na mshale unaruka hatua moja. Otomatiki haina umeme. Ina kamani, utepe wa chuma uliokunjwa, na chuma kizito cha nusu duara kinachozunguka unapotikisa mkono na kuikaza hiyo kamani. Nguvu inatolewa kidogo kidogo na gurudumu linalocheza kulia na kushoto, likivutwa na kamani nyingine nyembamba kama unywele. Kwa Seiko 5 nyingi, otomatiki za bei nafuu za Seiko, gurudumu hilo linapiga mara 21,600 kwa saa, yaani sita kwa sekunde. Ndiyo maana mshale wake unaonekana kama unateleza badala ya kuruka.

Anayehesabu mara 32,768 atamshinda anayehesabu mara sita. Mashine ya betri ya kawaida kabisa, tuseme Miyota 2035 inayojaa kwenye saa za bei ya kati, kiwanda kinakubali ipotee hadi sekunde 20 kwa mwezi. Mashine ya otomatiki ya bei yako, kama Seiko 7S26 au NH35, kiwanda chenyewe kinaruhusu ichelewe sekunde 20 au iwahi sekunde 40 kwa siku. Nasema kwa siku. Nyingi zinazopita mezani kwangu zikiwa na afya zinawahi kama sekunde 12 kwa siku, na hiyo mimi naihesabu kuwa saa nzuri. Lakini piga hesabu: sekunde 12 kwa siku ni dakika sita kwa mwezi. Dakika sita ni sehemu kubwa ya kipindi ukiwa unasubiri mwenzako atoke darasani.

Hata hivyo, usahihi peke yake nisingeufanya sababu ya kukunyima otomatiki. Mtu anayeipenda anairekebisha kwa simu kila Jumapili na maisha yanaendelea. Kinachowasumbua wateja wangu wengi ni kusimama. NH35 ikijaa nguvu inatembea kama saa 41 bila kuvaliwa. Sasa chukua wiki yako ya ualimu. Ijumaa saa kumi jioni umerudi nyumbani, umevua saa, umevaa fulana, wikendi imeanza. Jumapili saa tatu asubuhi imekata roho mezani. Jumatatu alfajiri, daladala inapiga honi, unaikuta imesimama, tarehe imebaki ya Jumapili. Unaanza kuitikisa, kuweka saa, kuweka tarehe. Wiki ya kwanza utafurahia, ya nane utaichukua simu mfukoni na saa utaiacha kabatini. Najua kwa sababu wananiletea, wanasema "fundi, imeharibika," nami naitikisa mara kumi inaamka.

Tuje kwenye "itanizika", ambalo ndilo neno linalouza otomatiki nyingi. Kweli inaweza kukuzika, ila kwa kulishwa. Ndani yake vyuma vinasuguana mchana na usiku, na kinachovizuia visilane ni matone ya mafuta madogo kiasi kwamba tunayaweka kwa ncha ya sindano. Mafuta hayo yanakauka au yanakuwa gundi baada ya miaka mitano hivi, ivae usiivae. Utajua kwa dalili moja: umeivaa kutwa, umeivua usiku, asubuhi umeikuta imesimama. Kamani imejaa, ila nguvu inaishia kwenye msuguano. Wengine hupuuza, wanaitikisa tena na kuendelea kuivaa, na hapo ekseli zinaanza kulika. Dawa yake ni kuifungua kipande kwa kipande, kuiosha, kuitia mafuta mapya na kuipima. Kwangu ni 70,000, na mji wako kwanza umpate fundi anayeifanya kweli, si wa kupuliza petroli kwa mswaki na kufunga.

Tulinganishe miaka kumi. Saa ya betri ya 130,000 itakula betri tatu au nne. Kila moja kwangu, na kuifunga vizuri, ni 10,000, tuseme 40,000. Hata mashine yake ikifa kabisa njiani, nang'oa 2035 na kuweka mpya kwa 25,000, uso na mishale vikirudi vilevile. Jumla 195,000. Otomatiki iliyotumika ya 220,000 itaoshwa mara mbili, 140,000, jumla 360,000, kabla haijapigwa na kitu chochote. Na nikuibie siri ya kazi: kwa NH35 iliyochakaa, mara nyingi fundi anakushauri mashine mpya nzima badala ya kuosha ya zamani, kwa sababu gharama zinakaribiana. Kwa hiyo ile hadithi kwamba otomatiki "inatengenezeka" na ya betri "inatupwa", kwa saa za bei yetu haisimami. Zote mbili zinabadilishwa mashine. Ya betri inabadilishwa kwa bei ndogo.

Ya betri nayo ina ugonjwa wake, na huu ndio unaoua nyingi kabla ya siku zake. Mwaka jana mama mmoja aliniletea saa ya marehemu mumewe, imekaa sandukuni, anataka itembee tu. Nilipofungua mfuniko nikakuta betri imevimba, pembeni kuna unga mweupe wenye kijani, na ule unga umetambaa mpaka kwenye koili. Koili ni waya mwembamba kuliko unywele uliosokotwa maelfu ya mizunguko. Nikaipima kwa mita, haisomi kitu. Imekatika. Betri ilikwisha, saa ikasimama, mzee akaiweka "nitabadilisha nikipata nafasi". Betri iliyokwisha ndiyo inayovuja. Saa ikisimama, itoe betri wiki hiyohiyo, hata kama huna hela ya mpya.

Na uliza inawekwa betri gani. Saa nyingi za kiume zenye 2035 zinatumia kidonge kidogo cha milimita 6.8 kwa 2.6 kilichoandikwa SR626SW, au namba 377. Hicho ni cha oksidi ya fedha, kinashika volti 1.55 karibu mpaka siku ya mwisho, na kinakaa miaka miwili hadi mitatu. Kuna pacha wake wa alkali, anaandikwa LR626 au AG4, anauzwa kwa kadi ya vidonge kumi kwa bei ya kimoja cha fedha. Anaingia vizuri kabisa, saa inatembea, fundi anakushukuru. Kabla ya mwaka haujaisha umerudi, na alkali ndiye bingwa wa kuvuja. Mwambie fundi akuonyeshe maandishi kabla hajafunga. Mwangalie pia ameshika nini: koleo la chuma likiteleza juu ya koili ni kwaheri, ndiyo maana sisi tunashika betri kwa koleo la plastiki.

Dukani, usianze na jina, anza na mshale wa sekunde. Kwenye saa ya betri iliyotengenezwa kwa makini unatua juu ya mstari kila hatua, au karibu yake sana. Ukiona kila mara unatua katikati ya mistari au unatetemeka kabla ya kutulia, rudisha. Ukiona mshale unaruka mara moja kwa sekunde na usoni imeandikwa otomatiki, uongo upo hapohapo, usihoji zaidi, toka. Vivyo hivyo visaa vidogo vitatu ndani ya uso mkubwa: muombe muuzaji avianzishe. Kama ni michoro tu iliyobandikwa mishale isiyotembea, jiulize ni nini kingine wamekichora. Saa iliyokaa kwenye kabati la kioo miaka miwili imeshakula betri yake, kwa hiyo omba uwekewe mpya mbele yako, iwe sehemu ya bei. Na usidanganyike na mita 30 zilizoandikwa mfunikoni. Hiyo ni ya mvua na kunawa mikono. Kama unaoga mtoni au unaogelea, anza na mita 100.

Sasa mtu ambaye ningemwambia achukue otomatiki. Ni yule anayevaa saa siku saba, halali nayo wala haisahau, hakerwi na dakika chache, ana shilingi za kuiosha, na zaidi ya yote anapenda kuiweka sikioni. Siyo mzaha, mlio ule wa haraka unawapata watu. Mimi mwenyewe mkononi nina Seiko 5 ya 7S26, inawahi sekunde 15 kwa siku, na sijawahi kufikiria kuibadilisha. Lakini mimi nimekaa na kipimo mezani, na kuosha kwangu ni bure.

Kama baada ya kusoma haya moyo bado uko huko, elewa kwamba Seiko 5 mpya kutoka kwa wakala mara nyingi itazidi bajeti yako, kwa hiyo utaangukia iliyotumika. Humo ndimo kwenye mitego. Kuna saa nyingi kuukuu zinazopakwa rangi upya India na kuuzwa mtandaoni zikiwa zinang'aa kama pipi: uso wa machungwa, wa kijani, wa zambarau, maandishi manene yaliyotapakaa kidogo pembeni. Ndani ni spea za saa tatu zilizokutanishwa. Njia ya kumkamata muuzaji ni ndogo. Geuza saa, nyuma kuna namba nane zilizokatwa katikati kwa kistari, nne za kwanza zikiwa ni mashine, kwa mfano 7S26. Kisha chukua kioo cha kukuzia, tazama chini kabisa ya uso, karibu na namba 6, kuna maandishi madogo sana. Nayo yaanze na 7S26. Kama nyuma inasema 7S26 na usoni inasema 7009, hizo ni ndoa za kulazimisha. Kama usoni hakuna maandishi hayo madogo kabisa, huenda uso umepakwa upya.

Nyuma pia kuna namba sita za utambulisho. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, na kwa Oktoba, Novemba na Desemba wanaandika O, N na D. Inayoanza na 84 ilitengenezwa Aprili ya mwaka unaoishia na 8. Muongo utaujua kwa mashine: 7S26 ilianza mwaka 1996, kwa hiyo 84 yake ni ya 1998, 2008 au 2018. Muuzaji akikuambia ni ya babu yake ya mwaka 1978, mwache na babu yake.

Kabla hujalipa, omba ukae nayo siku moja, hata kwa kuacha amana. Iweke sawa na simu saa moja asubuhi, ivae kutwa, usiku iweke uso ukiangalia juu, asubuhi linganisha. Ikiwahi sekunde 30, fundi anaweza kuirudisha kwa kusogeza kijiti kidogo ndani, dakika chache tu. Ikichelewa dakika mbili, au ikisimama usiku, ongeza bei ya kuosha juu ya bei yake na uamue upya.

Ikiwahi dakika kumi kwa siku usiogope, huo ni ugonjwa mwingine na ndio rahisi kuliko yote. Mwalimu mwenzio mmoja alikuwa akilaza otomatiki yake juu ya spika ya redio kila usiku. Sumaku iliingia kwenye ile kamani ya unywele, mizunguko yake ikawa inashikana, ikawa kama imefupishwa, gurudumu likakimbia kama limefukuzwa. Nilileta dira ndogo karibu na saa, sindano ikageuka. Nikaipitisha juu ya koili ya kutoa sumaku iliyochomekwa kwenye umeme, sekunde tano, akalipa 5,000 akidhani nimemfanyia kiini macho. Siku hizi naona zaidi makava ya simu yenye sumaku na vifungo vya mikoba. Saa ya betri ikikaribia sumaku inaweza kusimama pia, ila ukiisogeza mbali kwa kawaida inaendelea, unaweka majira tu.

La mwisho ni la Jumatatu alfajiri, maana hapo ndipo otomatiki nyingi zinavunjwa na wenyewe. Ukiikuta imesimama, usivute ufunguo wa pembeni na kuanza kukimbiza tarehe. Kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri, mashine imeshaushika mduara wa tarehe inajiandaa kuusukuma, na wewe ukiusukuma kwa nguvu wakati huohuo, jino linakatika. Tatizo ni kwamba saa iliyosimama haikuambii ni mchana au usiku, mishale ikiwa kwenye namba 9 inaweza kuwa saa tatu asubuhi au saa tatu usiku. Kwa hiyo vuta ufunguo mpaka mwisho, zungusha mishale mbele mpaka uone tarehe imeruka yenyewe. Hapo umepita saa sita ya usiku. Endelea mbele mpaka mshale mfupi uangalie chini, kwenye namba 6, ambayo ni saa kumi na mbili ya asubuhi. Mashine imeuachia mduara. Rudisha ufunguo hatua moja, weka tarehe ya jana na siku ya jana, kisha uvute tena mpaka mwisho na uzungushe mbele, tarehe ya leo ije yenyewe, mpaka ufike majira uliyonayo. Kama ni 7S26, kumbuka kuzungusha ufunguo hakuijazi kamani hata kidogo, na mshale wa sekunde hausimami ukiuvuta. Itikise taratibu kulia na kushoto kama nusu dakika, ivae, uiwahi daladala.